DNS ya ruta ikitekwa: namna ya kumjua anayejibu

Ukurasa unakaa mweupe sekunde mbili tatu, kisha unafunguka wote kwa mkupuo. Ukipima kasi ya intaneti, kipimo kinasema laini ni nzima. Video ikishaanza haikwami, faili kubwa linashuka vizuri, lakini kila unapoenda kwenye tovuti mpya lazima usubiri kwanza. Mara nyingine tangazo linachipuka kwenye tovuti isiyo na desturi ya matangazo, au unakosea herufi moja ya anwani na badala ya kuambiwa tovuti haipo, unapelekwa kwenye ukurasa wa kutafuta usioujua. Simu ikiwa kwenye waifai ina matatizo hayo. Ukiihamishia kwenye data ya simu, yanakwisha.

Dalili hizo zikikutana, anza kwa kukagua DNS kabla ya kumpigia simu mtoa huduma. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Nyumbani, vifaa vingi havichagui vyenyewe seva ya kuuliza. Vinapewa na ruta vinapojiunga na mtandao. Kwa hiyo anayebadilisha anwani moja ndani ya ruta huwa ameshika simu, kompyuta na televisheni za nyumba nzima bila kugusa hata kimoja cha vifaa hivyo, na programu ya kuua virusi kwenye kompyuta haina cha kukamata.

Jambo hili si la kinadharia. Genge lililokuwa na makao yake Estonia lilieneza programu ya DNSChanger kwenye takriban kompyuta milioni 4, na programu hiyo ilijaribu pia kubadilisha ruta. Watu wake walikamatwa Novemba 2011, na seva zao zikaendeshwa kwa muda kwa amri ya mahakama ya Marekani hadi tarehe 9 Julai 2012, kwa sababu zingezimwa ghafla, vifaa vyote vilivyokuwa vikizitegemea vingekosa intaneti. Machi 2020, ruta za nyumbani zilibadilishwa tena DNS, na watu waliokuwa wakitumia ruta hizo wakaona ukurasa unaowashawishi kupakua programu ya uongo ya habari za korona. Ndani yake kulikuwa na kirusi cha kuiba maneno ya siri.

Kwa nini mtandao unakuwa mzito

Ukurasa mmoja wa habari hauhitaji jina moja. Picha zinatoka kwenye jina lake, maandishi kwenye lingine, video kwenye lingine, na matangazo kwenye mengine mengi. Brauza huuliza majina mengi kwa pamoja, ila mengine hayajulikani mpaka sehemu ya kwanza ya ukurasa iwe imesomwa. Seva ya mtoa huduma iliyo karibu mara nyingi hujibu ndani ya milisekunde 10 hadi 40. Seva ya mtekaji iliyo bara jingine inaweza kuchukua 250 au zaidi. Maswali manne yanayofuatana kwa mwendo huo yamekula sekunde nzima kabla picha ya kwanza haijaanza kushuka.

Sababu ya pili watu wengi hawaifikirii. Tovuti kubwa huweka nakala za picha na video zake kwenye seva nyingi duniani, na mara nyingi hukuchagulia iliyo karibu kwa kuangalia DNS yako iko wapi. Ukiulizia kupitia seva ya mbali, unaweza kupewa nakala iliyo karibu na seva hiyo, si karibu nawe. Hapo hata kushuka kwenyewe kunapungua kasi, japo laini haina kosa.

Anza kwenye kifaa

Tumia kompyuta kwanza. Simu huficha mambo mengi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike:

```
ipconfig /all
```

Tafuta mstari wa `DNS Servers` chini ya kadi ya mtandao unayotumia wakati huo, maana kompyuta moja inaweza kuonyesha kadi nne tano. Kwenye Mac amri ni `scutil --dns`, na kwenye Linux nyingi za sasa ni `resolvectl status`. Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa alama ya `i` pembeni ya jina la mtandao, utaona sehemu ya DNS. Android nyingi huionyesha kwenye maelezo ya mtandao uliounganishwa.

Utakachokiona ni kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza ni anwani ya ruta yenyewe, kama `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Hiyo ni kawaida, lakini usipumue bado: maana yake ni kwamba kifaa kinauliza ruta, nayo ruta inamuuliza mtu mwingine ambaye hujamwona. Cha pili ni anwani inayojulikana ya huduma za wazi, kama `8.8.8.8` ya Google, `1.1.1.1` ya Cloudflare au `9.9.9.9` ya Quad9. Cha tatu ni anwani ya nje usiyoijua. Inaweza kuwa ya mtoa huduma wako, inaweza kuwa ya mtekaji. Iandike kando.

Angalia pia kama anwani hiyo imeletwa na ruta au imeandikwa kwa mkono ndani ya kifaa. Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uone kama DNS iko kwenye `Automatic (DHCP)` au `Manual`. Ikiwa ni `Manual` na hakuna mtu wa nyumbani aliyeiweka, kilichoingiliwa ni kompyuta, si ruta, na kusafisha ruta hakutasaidia kitu.

Muulize anayejibu ajitaje

Yapo majina machache ya DNS yaliyotengenezwa kwa ajili ya ukaguzi tu. Ukiyauliza, jibu linakuwa ni anwani ya seva iliyokwenda kuulizia kwa niaba yako. Mawili haya yanatosha:

```
nslookup whoami.akamai.net
nslookup -type=txt o-o.myaddr.l.google.com
```

Kwenye jibu, mstari wa juu wa `Server` na `Address` ni yule uliyemuuliza wewe, kwa kawaida ruta. Usiusome huo. Soma anwani iliyo chini, baada ya jina lenyewe. Kwenye amri ya pili iko ndani ya alama za kunukuu, na pengine mstari mwingine unafuata unaotaja mtandao wako.

Kisha itafutie mwenyewe anwani hiyo. Kwenye Mac na kwenye Linux yenye programu hiyo, andika `whois` ikifuatiwa na anwani. Kwenye Windows tumia tovuti ya mamlaka inayogawa anwani za IP, kama AFRINIC kwa Afrika au RIPE NCC kwa Ulaya. Soma jina la shirika na nchi. Ukikuta kampuni inayokuuzia intaneti, au Google, au Cloudflare, ni dalili njema. Ukikuta kampuni ya kukodisha seva katika nchi isiyohusiana nawe kwa lolote, na hakuna nyumbani anayetumia VPN, umeshapata cha kufuatilia.

Hapa kuna mitego miwili. Usishangae ukiwa umeweka `8.8.8.8` halafu jibu likaja na anwani nyingine kabisa ya Google: huduma hizi zinapokea maswali kwenye anwani moja na kutoka nje kwa nyingine. La muhimu ni mwenyewe, si tarakimu zenyewe.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Mtekaji mwerevu hajisumbui kujibu kila kitu. Anadanganya kwenye majina machache anayoyataka, benki mbili tatu na barua pepe, na mengine yote anayapitisha kwa Google kama tarishi. Ukifanya jaribio hili kwenye ruta ya namna hiyo, utaambiwa anayejibu ni Google, nawe utaondoka umeridhika. Kwa hiyo jibu baya linakupa sababu ya kushuku, lakini jibu zuri haliwezi kumsafisha mtu. Ndiyo maana ni lazima uingie ndani ya ruta.

Ndani ya ruta, sehemu tatu

Unganisha kompyuta kwa waya ukiweza, fungua brauza na uandike anwani iliyoonekana kwenye `Default Gateway` ulipotumia `ipconfig`. Nenosiri la kuingilia huwa kwenye kibandiko chini ya ruta, isipokuwa kama liliwahi kubadilishwa. Kama lililobadilishwa unalijua na sasa linakataa, hiyo yenyewe ni ishara nzito.

Watu wengi hukagua ukurasa mmoja tu na kufunga. Kuna sehemu tatu za kuangalia, na mtekaji anahitaji moja tu.

Ya kwanza ni upande wa nje, kwenye ukurasa wenye jina kama `WAN` au `Internet`. Kwa mtandao wa kawaida wa nyumbani DNS hapa huwa imeachwa ijilete yenyewe kutoka kwa mtoa huduma. Ukikuta imewekwa kwa mkono, na anwani zimejazwa kwenye `Primary DNS` na `Secondary DNS`, uliza nyumbani kama kuna aliyefanya hivyo. Soma zote mbili. Watekaji hupenda kuweka yao kwanza na `8.8.8.8` ya pili, ili seva yao ikizimika intaneti isikatike na mwenye nyumba asianze kuchunguza. Ndiyo maana siku nyingine kila kitu kinafunguka barabara na siku nyingine hakifunguki.

Ya pili ni upande wa ndani, kwenye `LAN` au `DHCP Server`. Hapa ndipo ruta inapoambia vifaa vitumie DNS gani. Kwa kawaida nafasi hizi ziko tupu, zina `0.0.0.0`, au zina anwani ya ruta yenyewe. Anwani ya kigeni ikiwa hapa, upande wa `WAN` utaonekana msafi kabisa huku vifaa vikipita pembeni kwenda kwa mtekaji moja kwa moja.

Ya tatu ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP. Ikiwa mtoa huduma wako anaitumia, ruta ina nafasi nyingine za DNS kwa ajili yake, mara nyingi kwenye ukurasa tofauti, na anwani zake ni ndefu zenye nukta mbilimbili. Kompyuta nyingi zinaweza kuitumia hata kabla ya ile ya kawaida, kwa hiyo usiiruke kwa sababu tu haisomeki kirahisi.

Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha kurasa hizo tatu kwa simu. Utazihitaji ukiongea na mtoa huduma, na utazihitaji tena kulinganisha baada ya wiki moja.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue nyumba yenye kompyuta ya Windows, simu mbili na televisheni. Anwani za nje zilizo kwenye mfano huu ni zile zilizotengwa kwa ajili ya maandishi ya mafunzo, kwa hiyo hazina mwenyewe; usizitafute kwenye ruta yako.

Malalamiko ni kwamba tovuti zinachelewa kuanza. Simu moja tu ndiyo nyepesi. `ipconfig /all` inaonyesha DNS ni `192.168.1.1`, yaani ruta. Jaribio la `whoami.akamai.net` linaleta anwani ya Google, japo hakuna aliyewahi kuweka DNS ya Google. Hapo si ushahidi wa uhalifu, kwa sababu watoa huduma wengine hutumia Google, lakini pana swali.

Hatua inayofuata ni kupima muda. Kwenye PowerShell:

```
Measure-Command { Resolve-DnsName example.org -Server 192.168.1.1 }
Measure-Command { Resolve-DnsName example.net -Server 9.9.9.9 }
```

Soma mstari wa `TotalMilliseconds`. Majina mawili tofauti yametumiwa kwa makusudi: ruta hukumbuka jibu ililotoa muda mfupi uliopita, na ukiuliza jina lilelile mara ya pili utapata milisekunde 2 na kudhani mambo ni mazuri. Rudia kwa majina mengine matano sita ambayo hayajafunguliwa siku hiyo. Katika nyumba yetu, ruta inajibu kwa milisekunde 270 hadi 400, na Quad9 kwa 45. Ruta iliyo sebuleni haiwezi kuwa na sababu njema ya kuchelewa kiasi hicho kila mara, maana laini ni ileile.

Kwenye ruta, ukurasa wa `LAN` ni mtupu. Ukurasa wa `WAN` una `203.0.113.53` kama ya kwanza na `8.8.8.8` kama ya pili. Sasa inaulizwa ile ya kwanza peke yake, jina ambalo haliwezi kuwepo:

```
nslookup hakuna-kitu.invalid 203.0.113.53
```

Majina yanayoishia na `.invalid` yametengwa yasitumike na mtu yeyote, kwa hiyo jibu halali ni `Non-existent domain`. Hapa linakuja jibu lenye anwani ya IP. Seva hiyo imetunga kitu kisichokuwepo, na huko ndiko zinakotokea zile kurasa za kutafuta unapokosea herufi.

Na ile simu nyepesi? Ina `Private DNS` iliyowekwa kwenye mipangilio yake, inayotuma maswali yakiwa yamefungwa moja kwa moja kwa huduma iliyochaguliwa, bila kuitegemea ruta. Brauza nazo, hasa Firefox na Chrome, zina mpangilio unaofanana na huo. Kwa hiyo nyumba moja yenye vifaa vinavyotofautiana hivi haiondoi shaka juu ya ruta, inaiongeza. Unapofanya majaribio, kumbuka `nslookup` haipiti njia ya brauza, ndiyo maana inaweza kuona tatizo ambalo brauza hailioni.

Vitu vinavyofanana na utekaji

Watu hupenda kulinganisha anwani za tovuti moja kutoka DNS mbili, wakiona zinatofautiana wanashtuka. Kwa tovuti kubwa, tofauti hiyo ni kawaida tupu, kwa sababu ya zile nakala nyingi tulizozitaja. Kipimo bora ni cheti, yaani kitambulisho cha tovuti ambacho brauza hukikagua. Anayekupeleka kwenye seva yake hawezi kirahisi kuwa na cheti halali cha jina la benki yako, kwa hiyo brauza itatoa onyo zito la usalama. Onyo hilo likitokea kwenye tovuti ya benki au barua pepe ukiwa nyumbani, na halitokei kwenye data ya simu, usibonyeze kuendelea. Watekaji wanalijua hilo, na ndiyo maana mara nyingi hutumia majina yanayoanza na `http://` tupu, au wanakuhamishia kwenye jina linalofanana na la benki lenye cheti chake halali. Kufuli kwenye upau wa anwani linasema unaongea na jina lililoandikwa hapo. Kama jina lenyewe si la benki, kufuli halikusaidii.

Kingine ni mtoa huduma anayekamata maswali yote ya DNS njiani, hata yale uliyoyaelekeza `8.8.8.8`. Inafanyika, pengine kwa kuzuia tovuti fulani, na ukiiona utadhani ruta imetekwa. Ipo njia nzuri ya kuigundua. Uliza anwani ambayo haina seva kabisa:

```
nslookup example.com 192.0.2.1
```

`192.0.2.1` ni mojawapo ya anwani za mafunzo. Hakuna kitu huko, kwa hiyo jibu sahihi ni `DNS request timed out`. Ukipata jibu, kuna mtu njiani anayejibu kwa niaba ya wote. Kujua kama ni ruta au ni mtoa huduma, rudia jaribio hilo baada ya kurejesha ruta katika hali ya kiwandani. Likiendelea vilevile, uwezekano mkubwa ni mtoa huduma, na wa kuulizwa ni yeye.

Kusafisha, kwa mpangilio huu

Kufuta anwani mbaya na kubonyeza `Save` hakutoshi. Hujui ni nini kingine kimebadilishwa: pengine nenosiri la pili limeongezwa, pengine mlango wa kuingilia kutoka nje umefunguliwa. Rudisha ruta yote mwanzo.

Kwanza pakua programu ya ndani ya ruta, toleo jipya, kutoka tovuti ya mtengenezaji, na uipakue kupitia data ya simu. DNS iliyotekwa inaweza kukupa tovuti ya bandia na faili la bandia. Hakikisha namba ya modeli na ya toleo la kifaa kwenye kibandiko zinalingana herufi kwa herufi. Ruta zenye jina moja zinaweza kuwa na maunzi tofauti, na faili lisilo lake linaweza kuiua.

Nakili jina la mtumiaji na nenosiri la `PPPoE` na namba ya `VLAN` kama zipo kwenye ukurasa wa `WAN`. Bila hizo, ruta ikirudi mwanzo hutapata intaneti. Kama ruta ni mali ya mtoa huduma na yeye ndiye huipanga akiwa mbali, mpigie kabla ya kuigusa.

Chomoa waya unaotoka nje. Ruta ikiwashwa ikiwa na nenosiri la kiwandani huku imeunganishwa, inaweza kuingiliwa tena kabla hujamaliza. Bonyeza kitundu cha `Reset` kwa kijiti chembamba, sekunde 10 hivi, mpaka taa zizimike au zimulike zote. Subiri iwake kabisa.

Ingia kwa waya, weka nenosiri jipya refu la kuingilia kwenye ruta, lisilofanana na la waifai. Weka programu mpya. Zima `Remote Management`, yaani ruhusa ya kuingia kwenye ruta kutoka nje, na `UPnP`, inayoruhusu vifaa kujifungulia milango ya ruta, kama huihitaji. Usirudishe mipangilio kutoka kwenye faili la akiba ulilolihifadhi zamani: kama lilihifadhiwa baada ya ruta kutekwa, linairudisha ile DNS kama ilivyokuwa. Jaza kwa mkono. Ndipo uchomeke waya wa nje.

Nenosiri ndilo la muhimu kuliko vyote hapo, na sababu yake inafaa kueleweka. Wengi wanadhani wakizima `Remote Management` wamefunga mlango. Lakini ukurasa wenye nia mbaya unaoufungua wewe unaweza kuiamuru brauza yako itume ombi kwa `192.168.1.1` kutoka ndani ya nyumba, likiwa na jina na nenosiri la kiwandani, la kubadilisha DNS. Ruta inaona ombi limetoka kwa mwenyeji. Kama nenosiri bado ni `admin`, kazi imekwisha kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Ndiyo maana pia ni vizuri kutoka rasmi kwenye ruta kwa `Logout` kila ukimaliza, badala ya kufunga tu kichupo.

Vifaa bado vinakumbuka

Baada ya kusafisha, vifaa vinaweza kuendelea na DNS ya zamani mpaka muda wa makubaliano yao na ruta uishe, mara nyingi saa 24. Kwenye Windows usisubiri:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
ipconfig /flushdns
```

Simu na televisheni, zima waifai na kuiwasha tena, au sahau mtandao na ujiunge upya. Funga brauza kabisa na kuifungua, maana nayo ina kumbukumbu yake. Kisha rudia jaribio la muda na lile la `.invalid`. Kama ruta sasa inajibu ndani ya makumi ya milisekunde na jina lisilokuwepo linakataliwa, maji yamerudi njia yake.

Badilisha maneno ya siri ya akaunti zilizofunguliwa kupitia mtandao huo, ukianza na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote. Fanya hivyo baada ya ruta kuwa safi, si kabla, la sivyo unaweza kumkabidhi mtekaji maneno mapya pia.

Kagua tena kurasa zile tatu za ruta baada ya siku 7 ukizilinganisha na picha. Anwani ya kigeni ikirudi, uchunguzi unabaki na njia mbili. Ama kuna kompyuta ndani ya nyumba yenye kirusi kinachoibadilisha, na utaijua kwa kuziacha zote zimezimwa na kuwasha moja moja huku ukiangalia ruta. Au ruta yenyewe ina tundu ambalo mtengenezaji ameacha kuliziba. Tazama tarehe ya toleo la mwisho la programu yake kwenye tovuti ya mtengenezaji: kama ni ya miaka mingi nyuma na modeli imeondolewa kwenye orodha ya zinazohudumiwa, hakuna mpangilio utakaoiokoa. Inunuliwe nyingine.